Weupe wa pafu la juu uliogeuka tundu: nimonia au TB?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku Mbagala. Nina mgonjwa wa miaka 34, dereva wa bodaboda, amekohoa wiki tatu, ana homa na amepungua. Eksirei ya kwanza ilionyesha weupe pafu la kulia juu, nikampa amoksisilini siku tano. Hakupata nafuu, na picha ya pili ina tundu katikati ya weupe ule. Je, ni nimonia iliyooza au ni TB? Picha yenyewe inaweza kuniambia?

Jibu: Marahaba. Picha peke yake haitakutajia kimelea, lakini hizi mbili ulizonitumia zinasema mengi, na la kwanza lilikuwepo hata kabla ya tundu kutokea.

Rudi kwenye picha ya kwanza uitazame upya. Weupe umejaza kipande cha juu cha pafu la kulia na umekatika kwa mstari ulionyooka upande wa chini. Mstari huo ni mpaka kati ya kipande cha juu na cha kati. Ndani ya weupe unaona mirija ya hewa ikipita myeusi kama matawi ya mti. Maana yake vifuko vya hewa vimejaa majimaji au usaha huku mirija ikiwa wazi. Weupe wa namna hii, unaojaza kipande kizima na kuishia mpakani, ndio sura ya nimonia ya nyumokokasi. Kwa hiyo kuanza na amoksisilini halikuwa wazo baya.

Sasa angalia mpaka huo umekaa wapi. Kwa mtu mzima aliyevuta pumzi vizuri, huwa karibu na ubavu wa nne kwa mbele. Nyumokokasi hulijaza pafu bila kulipunguza wala kulitanua, hivyo mpaka hubaki pale pale. Klebsiela, ambayo tunaikuta zaidi kwa walevi wa muda mrefu na wenye kisukari, huweza kulivimbisha pafu mpaka mstari ukabinuka kuelekea chini. Kwa mgonjwa wako mstari umepanda hadi ubavu wa tatu, na bomba kuu la hewa limevutwa kidogo kulia. Kipande kimesinyaa. Nimonia ya siku chache haisinyazi pafu hivyo. Kusinyaa kunataka muda, au mrija ulioziba. Kabla ya kuuamini mvuto wa bomba, hakikisha mgonjwa hakusimama upande: ncha za ndani za mitulinga yote miwili ziwe umbali sawa na uti wa mgongo. Nimezipima kwenye picha yako, ziko sawa.

Kuna kingine ambacho nadhani kilikupita kwa sababu picha ilipigwa na simu ikiwa imeegemezwa dirishani. Pafu la kushoto, usawa wa katikati, lina madoa madogo meupe yaliyotawanyika kama unga ulionyunyizwa. Mabaka kama hayo yakiwa peke yake yangenipeleka kwenye nimonia ya mirija, ambayo husababishwa na bakteria wengi: hemofilasi, stafilokokasi baada ya mafua makali, na wengineo. Yakiwa pande zote mbili karibu na moyo, kwa mtu mwenye VVU anayehema kwa shida na kukohoa kikavu, ningefikiria nimonia ya nyumosistisi. Lakini mabaka upande mmoja, na kipande kilichosinyaa chenye tundu upande wa pili, yana maelezo rahisi zaidi. Makohozi yenye vimelea yametoka kwenye tundu, yakapita kwenye mirija na kupanda ugonjwa kwenye pafu la pili. TB hutembea hivyo.

Tundu lenyewe watu hulipa uzito kuliko linavyostahili. Jipu la pafu linalotokana na kupaliwa mate au matapishi hupenda sehemu ya nyuma ya kipande cha juu na sehemu ya juu ya kipande cha chini, hasa kulia. Hayo ni maeneo yale yale ya TB, basi mahali pekee hapakupi jibu. Kinachosaidia ni usaha. Jipu mara nyingi huwa na mstari wa mlalo ndani, hewa juu na maji chini, na mgonjwa hutoa makohozi mengi yanayonuka vibaya. Tundu la TB kwa kawaida ni kavu au lina maji kidogo tu. Tundu la mgonjwa wako halina mstari huo. Muulize kama makohozi yananuka, kama ana kifafa, kama alilewa hadi kupoteza fahamu, na umtazame meno. Muulize pia, kwa upole na faragha, kama anajidunga heroini. Hapa Dar es Salaam si swali la ajabu. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 kwa sababu ya watu hao. Stafilokokasi kutoka kwenye moyo wa anayejidunga hurushwa mapafuni na kutoa matundu mengi madogo ya duara, hasa pembezoni, pande zote mbili. Picha yako haifanani na hiyo.

Kwa hiyo mimi ninamtibu huyu kama anayeshukiwa TB mpaka makohozi yaseme vingine. Peleka makohozi leo kwa kipimo cha vinasaba vya TB, ambacho pia hutafuta usugu kwa rifampisini. Mpime VVU leo hiyo hiyo, kwa sababu kinga ikishuka sana picha hubadilika: matundu hupungua, ugonjwa hushuka kwenye vipande vya chini, tezi za katikati huvimba, na wakati mwingine eksirei huwa safi kabisa huku mtu ana TB. Mwambie avae barakoa na asubiri nje penye upepo.

Usimwongezee siprofloksasini wala levofloksasini ukisubiri majibu. Dawa hizo huua bakteria wa TB kwa sehemu. Nikiwa kijana katika hospitali moja, tulimpa mama mmoja levofloksasini kwa nimonia ya namna hii; homa ikashuka, tukafurahi, akaenda nyumbani. Alirudi baada ya wiki chache akikohoa damu, na TB yake ikathibitishwa siku hiyo. Bado namkumbuka.

Akipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, shinikizo la juu la damu likishuka chini ya 90, akichanganyikiwa au kukohoa damu nyingi, usisubiri kipimo, mpeleke hospitali ya Temeke.

Makohozi yakitoka bila TB, chukua sampuli nyingine ya asubuhi, aliyoikohoa kutoka ndani na si mate. Ikiwa nayo haina, na makohozi yananuka, tibu jipu kwa amoksisilini yenye klavulanati kwa wiki kadhaa, si siku tano. Usishtuke picha ikibaki mbaya huku mtu anapona. Weupe hutoka taratibu kuliko homa. Lakini homa ya nimonia ya kawaida huanza kushuka ndani ya siku mbili au tatu za dawa sahihi. Ikiendelea siku ya tano, kama ilivyokuwa hapa, usibadilishe tu dawa. Rudia picha, na safari hii omba na ya ubavuni, uitazame kwenye taa ya eksirei.