Upindo wa sketi ya hanamu umeshuka

"Sketi yangu ya nusu duara ilikuwa sawa nilipoishona. Baada ya kufua, upindo umeshuka pembeni tu. Kwa nini?"

Ulipinda mapema mno, dada. Pale pembeni kitambaa kimeangukia hanamu, digrii 45 kutoka ukingo wake, kwa hiyo hakuna uzi unaoshuka wima kubeba uzito. Nyuzi hujifunga kama mkasi, kitambaa kikarefuka na kupungua upana. Maji huongeza uzito.

Fumua upindo, ning'iniza sketi siku mbili, kisha ivae. Mtu apime kwa rula kutoka sakafuni, aweke alama kuzunguka, ndipo ukate kilichozidi. Ila kama mshono wa ubavuni nao umejipinda, hapo uzi wa kitambaa haukunyooka wakati wa kukata, na pasi haitauponya.