Nimesoma mara tatu, noti zimejaa daftari, mbona insha haianzi?

SWALI: Shikamoo mwalimu, kamwene. Mi niko mwaka wa pili, nasoma historia hapa Iringa. Tuna insha ya maneno 2500, tunaulizwa kama nadharia ya Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, ya dola lenye sura mbili inaeleza vizuri utawala wa Mwingereza huku Uhehe. Utangulizi wa kitabu chake, Citizen and Subject, nimeusoma mara tatu, nimepiga hailaita karibu kila ukurasa, noti zimefika kurasa 19, ila nikikaa kuandika sipati hata pa kuanzia. Kuna jamaa wa stesheneri anauza desa la kitabu chote, kurasa 6 tu. Nilichukue? Zimebaki siku 8.

JIBU: Marahaba kijana wangu, kamwene. Desa usichukue, sababu nitakwambia, ila kwanza hizo kurasa 19, maana kila muhula napokea daftari kama hilo lako na mwenye nalo anadhani tatizo ni Kiingereza cha kitabu au kichwa chake kizito. Sio hivyo. Naweka dau kwamba kwenye noti zako zote hakuna mahali umeandika ni nani anaongea.

Kitabu cha nadharia sio kama kitabu cha fomu foo ambapo kila sentensi mwandishi anakufundisha kitu anachokiamini yeye. Nadharia ni ugomvi. Nusu ya kurasa, pengine na zaidi, mwandishi anawapa nafasi watu wengine waongee ili baadae awajibu. Angalia huo utangulizi wenyewe, kitabu ni cha 1996. Mamdani anaanza na kambi mbili zinazobishana kuhusu Afrika. Kambi moja anawaita wanausasa, hao wanasema tatizo letu jamii ya kiraia bado changa, kwahiyo dawa ni haki za raia. Kambi ya pili ni ya wanajumuiya, wao wanasema jamii zetu za asili zimesukumwa pembeni zikaitwa makabila, kwahiyo dawa ni kuzirudisha katikati ya siasa. Na anawaeleza kwa haki, kila kambi inasikika ina hoja, unasoma huku unatikisa kichwa na hailaita inatembea. Alafu yeye mwenyewe anakataa kuchagua upande. Anasema njia ni kuzipita zote mbili, kwa kuzikosoa na papo hapo kuchukua lililo kweli ndani ya kila moja.

Sasa mwanafunzi ananiletea insha imeandikwa "Mamdani anasema tatizo la Afrika ni jamii ya kiraia changa", ukurasa ameutaja sawasawa, nikifungua nakuta maneno yapo kweli, ila ni ya wale anaobishana nao! Hilo kosa linaniuma kuliko sarufi mbovu, kuliko insha fupi, kuliko yote, kwa sababu mtu amekesha, amesoma mara tatu, na bado amemsingizia mwandishi. Na insha ikishaanza hivyo haisogei, maana aya ya kwanza inavuta upande mmoja na sura ya pili ya kitabu inavuta mwingine, ndio hapo unakaa mbele ya karatasi usijue pa kuanzia.

Hailaita haiwezi kukusaidia hapo. Rangi ya njano inasema "hapa pana maana", haisemi pana maana kwa nani. John Dunlosky na wenzake mwaka 2013 walipitia mbinu kumi ambazo wanafunzi wanazitumia kusoma, na kupiga mstari pamoja na kurudia kusoma viliwekwa kwenye kundi la faida ndogo, wakati kujipima mwenyewe kulikaa juu. Kwahiyo usirudie mara ya nne, tafadhali.

Fanya hivi. Kabla ya kugusa kitabu tena, chukua swali lako ulipasue. Linaficha maswali matatu: nadharia inadai nini hasa, Uhehe chini ya Mwingereza kulitokea nini, na wapi vitu hivyo viwili vinapishana. Yaandike kila moja juu ya karatasi yake. Hizo karatasi tatu ndio plani ya insha yako, bado tupu, na kuanzia sasa hakuna noti itakayoandikwa sehemu nyingine. Daftari la kurasa 19 liweke uvunguni kwa muda.

Alafu soma kinyumenyume. Anza na sehemu ya utangulizi anayosema yeye anadai nini, nenda sura ya mwisho, alafu aya ya kwanza na ya mwisho za kila sura. Hiyo ni kazi ya saa moja au mbili hivi, na unatafuta kitu kimoja tu, dai la mwandishi kwa sentensi mbili. Kwa kitabu hiki utapata kitu kama hiki: mkoloni alikuwa na swali la namna wageni wachache watawale wenyeji wengi, akaishia kujenga dola lenye sura mbili, mjini sheria za kiraia ambazo mwenyeji alifungiwa nje, kijijini mamlaka ya kimila ambapo chifu alishika kutunga amri, kuhukumu na kutekeleza, vyote kwenye mkono mmoja, na huo mkono ulikuwa umeshikwa na serikali. Hiyo ya kijijini ndio anaiita udhalimu uliogatuliwa. Ukiisha kuwa na sentensi hizo mbili una kipimo, kila aya utakayokutana nayo utajua kama inajenga dai, inaeleza mpinzani, au inatoa mfano tu.

Ndipo usome kwa kina, na sio kitabu chote. Kwa swali lako ni utangulizi, sura ya 2 na ya 3 zinazohusu huo udhalimu na utawala kupitia machifu, na ya 4 kuhusu sheria za kimila. Sura ya wafanyakazi wahamiaji Afrika Kusini ni nzuri, ila sio ya insha hii. Kila aya weka alama pembeni kwa penseli, M kama ni Mamdani mwenyewe, W kama ni wengine, F kama ni mfano. Herufi tu basi. Ukikwama hujui uweke ipi, rudi nyuma sentensi mbili tatu, utakuta neno la kukuonyesha, "wanadai", "inasemekana", "kwa mtazamo huu", hayo ndio maneno yanayobeba sauti za watu na wanafunzi huwa wanayaruka wakitafuta maneno makubwa.

Ukimaliza kipande chenye kichwa kidogo, funga kitabu. Funga kabisa. Andika sentensi moja kwa Kiswahili chako, kipande kimesema nini, ni sauti ya nani, ukurasa gani, alafu iweke kwenye moja ya karatasi tatu. Ikishindikana kuiandika kitabu kikiwa kimefungwa, hukuelewa, na ni bora ujue sasa hivi kuliko usiku wa mwisho. Na kama sentensi haina karatasi ya kwenda, iache hata kama ni tamu.

Nikupe mfano wa kuacha, maana ndio unauma. Ukisoma historia ya Uhehe utakuta Wajerumani walimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, atawale, na 1897 wakamnyonga wenyewe. Ni kisa kizito na kinagusa kabisa wazo la mkoloni kutengeneza mtawala wa kimila. Ila swali lako ni la Mwingereza. Kwahiyo kinapata nusu sentensi ya mandharinyuma, hakipati aya.

Cha kubeba ni 1926. Gavana Donald Cameron, aliyetokea utumishi wa Nigeria, alileta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka huo, na huku Uhehe Sapi, mtoto wa Mkwawa, akarudishwa kwenye utemi. Sasa karatasi zako zinaanza kuongea zenyewe. Ya kwanza inasema, kwa alama ya M na ukurasa wake, kwamba mamlaka ya kimila yalipangwa na mkoloni. Ya pili inasema Mwingereza alirudisha ukoo uliotawala kweli, ukoo uliopigana na Mjerumani tangu Lugalo 1891 mpaka kifo cha Mkwawa 1898. Ya tatu ndio dhahabu, muundo wa madaraka unafanana na nadharia, ila heshima ya mtawala kwa watu wake haikutengenezwa na Cameron. Ukitaka kuipa uzito weka pembeni Unyakyusa, Rungwe, ambako walikuwa na machifu wengi wadogo bila mtemi mmoja wa juu, ujiulize nadharia inakaa vizuri zaidi wapi. Alafu kuna Adam Sapi aliyempokea baba yake 1940, baadae akawa Spika wa Bunge, na ni wakati akiwa Spika, 1963, serikali ikafuta uchifu nchi nzima. Mtu mmoja amevuka kutoka sura ya kijijini kwenda sura ya kiraia. Mamdani ana dai kuhusu nchi zilizofuta machifu, kwamba udhalimu haukuisha, ulihamia serikali kuu. Hiyo ni aya yako ya mwisho inakusubiri, ila hakikisha kwanza ni M na sio W.

Ukifika hapo una sentensi kama kumi na mbili kwenye karatasi tatu. Zipange, kila moja au mbili zinakuwa aya, sentensi ya kwanza ya aya tayari unayo kwa maneno yako. Maneno 2500 ni aya kumi hadi kumi na tatu hivi. Siku tatu kusoma, moja kupanga, mbili kuandika, mbili kusahihisha.

Nirudi kwa desa. Kibaya chake sio kwamba ni fupi. Mtu akibana kitabu cha kurasa mia tatu kuwa kurasa 6, kitu cha kwanza kudondoka ni yale maneno madogo, "wanadai", "kwa mtazamo wao", yani anafuta sauti zote zinakuwa moja. Nimewahi kusahihisha insha nne za darasa moja, zote zimembebesha mwandishi hoja ya mpinzani wake kwa maneno yaleyale, nikauliza, desa lilikuwa moja, limetolewa kopi sijui mara ngapi na hakuna hata mmoja kati ya wanne aliyekuwa amegusa kitabu. Walilipia kosa. Na hawa wanaotangaza semina za kusoma kitabu kwa dakika ishirini ni walewale, wanafundisha macho yakimbie juu ya hayohayo maneno madogo, alafu wanachukua hela ya bumu la mtoto wa mkulima. Tambua desa kwa vitu viwili: haliweki namba za kurasa, na kila sentensi inaanza na jina la mwandishi. Hata la rafiki yako, hata la bure, likiwa hivyo usilinukuu.