Video ya maneno imeipita ya gharama

"Naimba, nipo Unguja. Video niliyolipia droni, mavazi na boti ya Nungwi inatazamwa kidogo kuliko ile inayoonyesha maneno ya wimbo tu. Niifute?"

Dada, usiifute. Ukiipakia upya unaanza sifuri. Kwanza linganisha kwa haki: siku 28 za mwanzo za kila moja, si jumla ya leo. Kama mojawapo uliilipia tangazo, waliotoka kwenye tangazo waweke kando.

Halafu ingia YouTube Studio utazame mchoro wa watu wanaobaki. Nilimsaidia mwimbaji mmoja wa Ng'ambo: video yake ilianza na jahazi na machweo kwa sekunde 40 kabla ya sauti (jahazi zuri, sikatai), na mstari ukaporomoka hapo hapo. Ile ya maneno alishaanza kuimba sekunde ya 5. Tena wengi waliipata kwa kutafuta, wakiandika kipande cha kiitikio. Hao wanataka kuimba nayo, hawana haja na jahazi.

Ukikuta kwako ni vivyo hivyo, kata mwanzo ndani ya YouTube Studio kwenyewe. Kiungo na idadi ya watazamaji hubaki. Ila ikishatazamwa zaidi ya mara 100,000 huenda ikakataa kuhifadhi mabadiliko. Mstari usipoanguka mwanzoni, shuku picha ya jalada: watu hawabonyezi.

Kabla ya kukata, soma mkataba wako na mwongozaji. Kama haki za video ni zake, zungumza naye kwanza. Mkishindwana, nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, au kwa wakili.