Mashine ndogo au kubwa? Zipime zile milioni 40 za tofauti

*Nina kampuni ndogo ya kusaga mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Nachagua kati ya mashine ndogo ya shilingi milioni 20, itakayoniachia milioni 10 kwa mwaka, na kubwa ya milioni 60 inayokoboa na kusaga, itakayoniachia milioni 26. Zote nazihesabia miaka 4, na jengo lina nafasi ya moja tu. Afisa wa mikopo anasema nichukue ndogo, maana IRR yake ni asilimia 35 na ya kubwa ni 26. Mhasibu wangu anasema kubwa, maana kwa riba ya benki ya asilimia 20 NPV yake imezidi. Nimsikilize nani?*

Ndugu yangu, nilikuwa na kinu Kisenyi, Kampala, na swali hili hili lilinigharimu pesa. Kwa maoni yangu afisa wako amefika karibu na jibu sahihi kwa hoja mbovu, na mhasibu ana hoja nzuri iliyosimama juu ya namba mbovu.

Tuanze na mhasibu. Kwa riba ya asilimia 20, milioni 10 utakayoipata mwakani leo ina thamani ya milioni 8.33, kwa sababu ndiyo ambayo ukiiweka leo itakuwa 10 baada ya mwaka. Ya mwaka wa pili ni 6.94, ya tatu 5.79, ya nne 4.82. Zijumlishe, unapata karibu milioni 25.9. Toa 20 ya kununulia, inabaki 5.9. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa, yaani NPV, ya mashine ndogo. Kubwa, kwa njia hiyo hiyo, inaleta 67.3, toa 60, inabaki 7.3. Kwa hiyo kubwa inakuzidishia milioni 1.4 kwa pesa ya leo, na mhasibu hajadanganya.

Afisa naye anatazama IRR, kiwango cha ndani cha faida, yaani ile riba ambayo ukiitumia, thamani halisi ya sasa inakuwa sifuri. Namba zake ni sahihi. Kasoro ni kwamba asilimia haisemi ni asilimia ya kiasi gani. Mama anayeuza chapati akiweka 10,000 asubuhi na jioni akatoka na 15,000, amepata asilimia 50 kwa siku moja, lakini huwezi kulipia karo ya watoto kwa 5,000 hiyo. Mashine mbili zenye bei tofauti hivi, ambazo ukichukua moja umeiacha nyingine, usizipange kwa asilimia.

Sasa fanya kitu ambacho wote wawili hawakukifanya: itazame tofauti peke yake. Kutoka ndogo kwenda kubwa unaongeza milioni 40, na nyongeza hiyo inakuletea milioni 16 zaidi kila mwaka kwa miaka 4. Kiwango cha ndani cha mtiririko huo ni karibu asilimia 21.9. Swali lako zima limekaa hapo. Kama pesa inakugharimu chini ya 21.9, milioni 40 za nyongeza zinajilipa na kubwa inashinda. Ikikugharimu zaidi, ndogo inashinda. Jaribu asilimia 24 uone: ndogo inabaki na milioni 4.0, kubwa inashuka hadi 2.5.

Kwenye Excel, weka gharama kwenye B2 ikiwa na alama ya kutoa, na mapato ya miaka 4 kwenye B3 hadi B6:

```
=NPV(0.2,B3:B6)+B2
=IRR(B2:B6)
```

Angalia vizuri B2 iko wapi kwenye mstari wa kwanza. Ukiiingiza ndani ya mabano, Excel itadhani unalipia mashine mwisho wa mwaka wa kwanza, na itapunguza kila kitu kwa mwaka mmoja zaidi. Ndogo itakuonyesha 4.9 badala ya 5.9. Nimeona kosa hili kwenye karatasi za watu waliosoma kunizidi.

Basi pesa inakugharimu kiasi gani kweli? Hapa ndipo nilipoangukia. Niliandikiwa asilimia 20, nikatumia 20, nikanunua kubwa. Ada ya kuandaa mkopo, mthamini wa kiwanja, wakili wa rehani na bima nilivihesabu kama usumbufu tu, sikuviona kuwa ni riba. Chukua mfano wa milioni 60 kwa 20, unalipa mara moja kwa mwaka kwa miaka 4: kila mwaka ni karibu milioni 23.18. Kama ada zote ni milioni 4 na zinakatwa mwanzoni, mkononi umepokea 56, lakini malipo ni yale yale. Andika 56 kwenye B2, kisha -23.18 mara nne, uite IRR. Inatoka karibu asilimia 23.7. Huo ndio mkopo wako, hata barua ikisema 20. (Ndiyo, IRR niliyoisema vibaya hapo juu. Kwa kupima mkopo ni chombo kizuri sana.)

Na 23.7 iko juu ya 21.9. Jibu limegeuka, na mashine hazijabadilika hata moja.

Kabla ya hapo nataka kujua hiyo milioni 26 umeipataje. Kama umeshatoa riba ya benki ndani yake, usiipunguze tena kwa asilimia 20, utakuwa umeilipa riba mara mbili na kila mradi utaonekana mbovu. Toa umeme, mishahara, mahindi, vipuri na kodi ya mapato. Riba na marejesho ya mkopo viache, vimo tayari ndani ya asilimia unayopunguzia. Uchakavu nao si pesa inayotoka. Kazi yake hapa ni kupunguza kodi tu.

Halafu ujue kubwa imesimama pembeni kiasi gani. Hata kwa 20 ya mhasibu, ili ilingane na ndogo inahitaji kukuachia karibu milioni 25.45 kwa mwaka. Ikipungua zaidi ya laki tano na nusu, imeshindwa. Hiyo ni asilimia 2 na kidogo, sawa na siku nane hivi za mashine kusimama katika mwaka mzima. Kwangu mota peke yake ilikula zaidi ya hizo. Nyinyi wa Busia mna mpaka pia: Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kizuizi kiliondolewa baada ya siku chache, lakini siku chache ndizo tunazozungumzia hapa. Ndogo, kwa upande wake, inaweza kushuka kutoka milioni 10 hadi karibu 7.7 kwa mwaka kabla haijaanza kukutia hasara.

Jambo moja lingenifanya nisahau hesabu yote hii. Umesema jengo lina nafasi ya moja tu. Kama unaweza kupata chumba cha pili chenye umeme wa kutosha na wateja wake, tuseme Tororo, mashine ndogo mbili ni milioni 40 na zinaacha 11.8 kwa asilimia 20, kuzidi kubwa kwa mbali na kwa mkopo mdogo. Ila kodi ya chumba na mshahara wa msagaji wa pili lazima vitoke kwanza kwenye ile milioni 10, na usihesabu wateja wale wale mara mbili.

Mwombe afisa barua ya mkopo yenye ada zote kwa shilingi, siyo kwa asilimia, kisha ulete namba hapa tuziingize.