Simu inaisha chaji bondeni bila kutumika: angalia mtandao kabla ya betri

*"Wakuu, nikiwa Newala mjini simu inakaa na chaji mpaka usiku. Nikishuka shambani bonde la Ruvuma, saa nane mchana imebaki nusu na iko mfukoni tu. Betri imekufa?"*

Mkuu, usinunue betri kwanza. Nalima mpunga huko huko chini na niliwahi kubadilisha betri kwa sababu hiyohiyo. Mpya nayo ikaisha vilevile.

Newala iko juu ya uwanda, minara mingi iko huko juu pia. Ukishuka chini ya ukingo kama ule wa Shimo la Mungu, mlima wenyewe unakukinga na mnara. Mnara una nguvu kubwa, kwa hiyo sauti yake bado inakufikia kwa mbali na unaona kijiti kimoja. Kazi ngumu ni ya simu kujibu. Mtandao ukiwa mzuri inajibu kwa kunong'ona. Ukiwa hafifu inapaza sauti mpaka mwisho wa uwezo wake, ambao kwa 4G ni kama miliwati 200, na kipande kisichofika kinatumwa tena. Kifaa kinachopaza hiyo sauti kinakula umeme mwingi kuliko unaotoka kwenye antena, mwingine unaishia kuwa joto. Ndiyo maana simu inakuwa ya moto mfukoni hata kama hujaigusa.

Utasema hukuitumia. Wewe hukuitumia, lakini data ikiwa imewashwa, WhatsApp, barua pepe na programu nyingine zinagonga hodi kwenye mtandao kila mara, na kila hodi inapigwa kwa sauti hiyo ya juu. Tena pale ambapo 4G iko ukingoni, simu inaikamata, inaipoteza, inashuka 2G, inapanda tena, na mara nyingi kuhama huko kunaidai ijitambulishe upya kwa mnara. Kama una laini mbili na moja haina mnara kabisa huko, simu inaendelea kuitafutia, ikipekua masafa moja baada ya jingine.

Kuhakikisha, piga `*#*#4636#*#*` kwenye Android (simu nyingine zimeifunga), au fungua taarifa za laini ndani ya "Kuhusu simu". Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo mzuri, na ikishuka kwa 3 tu, nguvu inayokufikia imepungua nusu. Kwangu mjini 4G inasoma -85. Shambani -118, na neno 4G linatokea na kupotea.

Nilijaribu siku tatu, simu ileile ya mAh 4000, kuanzia asilimia 100 saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, kioo kimezimwa. Siku ya kwanza sikubadili kitu: ilibaki 52. Siku ya pili nilizima data, nikazima laini ya pili, na kwenye aina ya mtandao nikachagua 2G pekee: ilibaki 79. Siku ya tatu niliweka hali ya ndegeni, nikaitoa mara tatu, dakika kumi kila mara, nikiwa kwenye kichuguu ambako mtandao ni afadhali: ilibaki 92.

Mimi siku hizi nafuata ya pili, kwa sababu mama yangu ni mgonjwa na lazima nipatikane kwa simu ya kawaida. Ila kabla ya kuchagua 2G pekee angalia kama ndiyo iliyo imara hapo ulipo. Kama nayo ni hafifu, kuongea kutakula chaji sana, maana simu ya 2G inaweza kufika wati 2 kwa vipigo vifupi vifupi. Hapo hali ya ndegeni ndiyo dawa. Meseji zinasubiri kwenye mtandao na zinaingia ukirudi, kengele ya kukuamsha inalia kama kawaida. Usiiwashe na kuizima hali hiyo ya ndegeni kila dakika tano, kwa sababu kila ukiitoa, simu inaanza kutafuta na kujisajili upya.

Kupunguza mwanga wa kioo hakutakuokoa hapa, mzigo uko kwenye redio ya simu.

Jambo moja la kwetu wa mpakani: ukipata meseji ya kukukaribisha Msumbiji ukiwa bado upande huu wa mto, simu imerukia mnara wa ng'ambo na itakuwa inahama huku na kule. Zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, chagua mtandao wako kwa mkono. Ukipanda Newala urudishe kiotomatiki.