Ukurasa wa kuingia waifai usipotokea kwenye simu

Mama mdogo alipokuja kututembelea Tanga, alinunua vocha ya siku moja kwenye duka la Ngamiani linalouza waifai, tukaketi barazani pale dukani ili aiingize. Simu yangu ilifungua ukurasa wa vocha mara moja. Ya kwake ilionyesha alama ya waifai yenye mshangao pembeni, na ukurasa haukuja. "Mwanangu, vocha hii imeshatumiwa na mtu," aliniambia, akainuka kwenda kumdai mwenye duka fedha yake. Nilimwomba asubiri kidogo, kwa kuwa vocha ambayo namba zake hazijaandikwa popote haiwezi kuwa chanzo cha ukurasa kutotokea.

Simu ikishaunganishwa na waifai, hutuma swali fupi kwenye anwani maalumu ili kujua kama intaneti ipo. Simu nyingi za Android hutarajia jibu tupu lenye namba 204, na iPhone hutarajia neno "Success". Ruta ya duka hulidaka swali hilo njiani na kuielekeza simu kwenye ukurasa wake. Simu ikiona jibu si lile ililolitazamia, hukuletea ukurasa huo. Ruta huweza kufanya hivyo kwa sababu swali hutumwa kwa http, yaani wazi, bila kufungwa kwa siri. Tovuti nyingi tunazozifungua kila siku hutumia https, ambayo haikubali mtu wa kati ajibu kwa niaba ya tovuti, na ndiyo maana mtu anayejaribu kuuita ukurasa wa vocha kwa kufungua Facebook huambulia onyo la usalama au ukurasa mweupe. Onyo hilo usilipuuze kwa kubonyeza uendelee mbele. Toka, utumie anwani ya wazi.

Kabla ya hapo, zima data ya simu. Simu ikigundua kwamba waifai haina intaneti, mara nyingi hupitisha maombi yako kwenye bando, kwa hiyo tovuti inafunguka vizuri lakini ruta ya duka haijaguswa kabisa. Ukishaizima, fungua kivinjari na uandike mojawapo ya anwani hizi, ukianza na http:// bila kuiacha:

```
http://neverssl.com
http://captive.apple.com
http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204
```

Kwa watu wengi ukurasa hutokea hapo hapo. Anwani ya kwanza husaidia pia pale ambapo ruta imepangwa kuruhusu lile swali la simu lipite kabla ya malipo, kwa kuwa simu hudhani intaneti ipo na haileti arifa yoyote.

Kwa mama mdogo haikutosha. Kivinjari kilisema hakiwezi kuipata anwani ya tovuti, na maneno hayo yalinipa fununu, kwa sababu kushindwa kulipata jina ni tatizo tofauti na kuzuiwa. Nilifungua maelezo ya waifai kwenye mipangilio, nikasoma namba iliyo mbele ya neno "Gateway" (kwenye iPhone huandikwa "Router"), yaani anwani ya ruta yenyewe, ambayo pale ilikuwa 10.5.50.1, nikaiandika kwenye kivinjari ikitanguliwa na http://. Jina la tovuti lazima kwanza litafutiwe namba yake, lakini namba yenyewe haihitaji kutafutiwa kitu. Kivinjari kilianza kufungua, anwani ya juu ikabadilika kuwa jina lililowekwa na mwenye duka, kisha ikakwama tena. Basi ruta ilikuwa inajibu. Kilichoshindikana ni kutafsiri majina kuwa namba.

Kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya "Private DNS", nilikuta jina la seva ya kuzuia matangazo. Binamu yangu ndiye aliyeliweka, naye alikuwa na nia njema. Simu iliyowekewa seva ya namna hiyo huuliza majina yote kwake peke yake kwa njia ya siri, na ruta ya vocha humzuia mteja ambaye hajaingia asiifikie, hivyo hakuna jina linalopatikana. Nilichagua "Off", nikazima waifai na kuiwasha upya ili simu itume swali lake tena, na ukurasa wa vocha ukafunguka wenyewe. Alipokwisha kuingiza namba na intaneti ikakubali, niliirudisha seva ile kama ilivyokuwa. VPN inayojiwasha yenyewe huleta kizuizi cha aina hiyohiyo, nayo huzimwa kwanza na kuwashwa baada ya kuingia.

Hali moja haitibiki kwenye simu. Ukitazama maelezo ya waifai kwenye iPhone ukakuta anwani ya simu yako inaanza na 169.254, ruta haijaipa simu anwani, na hakuna ukurasa utakaokuja hata ukiandika nini. Ikiwa umeshazima waifai na kuiwasha upya na namba hiyo bado ipo, mwonyeshe mwenye duka namba hiyo, umwombe aizime ruta na kuiwasha.