Shemeji aliponitongoza, na jinsi nilivyomwambia shoga yangu

Shoga yangu nimemjua tangu kidato cha kwanza, Tanga, tulipokuwa tukisukana Jumapili nyuma ya bweni. Sasa wote tuko Dar es Salaam. Yeye ana mume na watoto wawili, mimi naishi peke yangu Tabata. Mume wake nilimwita shemeji kwa moyo wangu wote, na mwaka jana shemeji huyohuyo akanitongoza. Naandika kwa ajili ya dada aliyekaa na jambo kama hili kifuani, hajui aanzie wapi.

Nilipoteza karibu wiki tatu nikijiuliza kama ni utani. Kwetu shemeji ana ruhusa ya kutania. Anaweza kuniuliza "mke mdogo hajambo?" mbele ya mkewe na sote tukacheka, na hakuna baya hapo. Ndiyo maana mwanaume mwenye nia nyingine anapata pa kujificha. Kilichonifumbua macho ni kwamba utani wa shemeji una mashahidi: unafanyika sebuleni, mke yuko jikoni, anasikia na anajibu. Huyu alianza kuniandikia saa 5 usiku. Akaacha kuniita shem, akawa ananiita kwa jina. Kisha akaandika, "haya yabaki kati yetu." Mtani hana haja ya siri. Neno hilo likishatoka, usijisumbue tena kujiuliza kama umemwelewa vibaya.

Usiku uliofuata akanitumia shilingi 50,000 kwa simu, "ya kusukia." Pesa hiyo ilinitia hofu kuliko maneno yote. Ikilala kwako hata siku mbili, kesho itasemwa ulikula hela ya mume wa mtu, na utajitetea vipi? Niliirudisha usiku uleule, makato nikalipa mimi, na ujumbe wa muamala sikuufuta, maana una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Halafu nikamwandikia mara moja tu: "Shemeji, mimi ni rafiki wa mke wako. Sitaki uhusiano huo. Usiniandikie tena mambo haya."

Angalia nilichoacha kuandika. Sikumwambia "nitamwambia mkeo." Hilo nililifanya zamani nikiwa chuoni, kwa rafiki mwingine, na lilinigharimu urafiki. Nilimtisha kijana wake nikidhani ataogopa na ataacha. Jioni ileile alikwenda kwa mpenzi wake akamwambia mimi ndiye ninayemfuata-fuata. Nami nikakaa mwezi mzima nikitafuta ujasiri. Siku nilipofungua mdomo, kesi ilikwishasikilizwa na mshitakiwa alikuwa mimi. Ukimtisha mwanaume unampa nafasi ya kufika kwanza, na anayefika kwanza ndiye anayeaminiwa. Safari hii, tangu siku ya kurudisha pesa hadi siku ya kusema zilipita siku nne.

Ndani ya siku hizo niliweka ushahidi sawa. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kuufuta ujumbe wake kwenu wote wawili kwa muda wa siku 2 hivi baada ya kuutuma, na anaweza kuweka mazungumzo yajifute yenyewe baada ya saa 24. Kwa hiyo piga skrinishoti mapema. Piga na ile sehemu inayoonyesha namba yake, kwa sababu jina kwenye simu unaweza kumwandikia mtu yeyote. Picha zilizotumwa za kutazamwa mara moja hazikubali skrinishoti, hizo utazieleza kwa mdomo tu.

La muhimu zaidi, usikate majibu yako. Mimi katika zile wiki za kujiuliza nilimjibu "hahaha" mara mbili. Nilitamani sana kuzificha hizo hahaha. Nikaziacha. Kama shoga yangu angekuja kuziona kwenye simu ya mumewe wakati kwangu hazipo, kila nilichosema kingegeuka uongo.

Pia sikumwambia mtu mwingine yeyote, na hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Unamwambia rafiki wa tatu ili akushauri, naye anamwambia mmoja tu, na kufikia Ijumaa kikoba kizima kinajua isipokuwa mwenye mume. Mwanamke anaweza kukusamehe kwa kumletea habari mbaya. Kuwa wa mwisho kuijua ni vigumu zaidi kusamehe, kwa sababu hiyo ni aibu, na aibu haina dawa ya haraka. Kwetu Tanga nilikua nikiona wanawake wakisemeshana kwa kanga, na kweli nilishika mkononi kanga moja sokoni nikifikiria kumpelekea. Nikairudisha. Kijembe ni cha mtu unayetaka aumie, na hata angeusoma ule mwandiko, angebaki akitazama kila mwanamke wa mtaani akijiuliza ni yupi. Na kuandika mafumbo kwenye status ni kijembe kilekile, ila kimepigiwa ngoma.

Nilichagua Jumamosi asubuhi, kwangu. Kwake kuna watoto na dada wa kazi, na kuta zetu mnazijua. Kwa simu sikutaka, kwa sababu ungekuwa unamwachia mtu mzigo halafu unakata. Jioni nayo ingemrudisha moja kwa moja kwa mumewe kabla hajapumua. Asubuhi ilimpa kutwa nzima ya kufikiri kabla ya kuonana naye. Nilimwomba aje bila watoto, nikamwambia nina jambo la kuzungumza naye ana kwa ana, na nikaongeza palepale: "Hakuna msiba wala mgonjwa." Kwetu ukisema tu "njoo, nina jambo," mtu anaanza kuhesabu wazazi wake njia nzima.

Alipokaa sikumpa chai kwanza wala kuzunguka. Nilisema hivi: "Ni jambo linalomhusu baba watoto, na litakuuma. Ameniandikia ujumbe wa kunitaka, na alinitumia pesa. Nilimkatalia na pesa nilirudisha. Ujumbe ninao, ukitaka kuusoma nitakupa, usipotaka hakuna shida." Nikanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Ulimi unataka kujaza: kwamba mimi sina hatia, kwamba wanaume ndivyo walivyo, kwamba nilishamshuku zamani. Usiongeze. Sema alichofanya, usiseme yeye ni mtu gani. Ukimwita mumewe malaya, na kesho wakapatana, kama wengi wanavyopatana, neno lako litabaki sebuleni kwao kila utakapobisha hodi. Na usimwambie aondoke wala avumilie. Ndoa ni yake.

Alikaa kimya muda mrefu akitazama mlango. Kisha akauliza lini. Nikamtajia tarehe. Akauliza, "na wewe ulimjibu nini?" Nikamsomea, pamoja na zile hahaha, nikamwambia, "hapa nilidhani ni utani, na nilikosea kutomkataza mapema." Halafu akauliza lile lililonichoma: "Siku ile umekuja kwangu na lile gauni, ulikuwa unatafuta nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la namna hiyo, na bado lilinikata. Lakini mtu aliyepigwa hushika kilicho karibu, na siku hiyo aliye karibu ni wewe. Ukijibu kwa hasira, mazungumzo yanageuka kuwa ugomvi wenu wawili, na mumewe anatoka humo msafi. Nilimjibu, "Sikuwa natafuta kitu. Naelewa kwa nini unauliza." Simu nilimwekea mezani. Alisoma jumbe mbili, akairudisha, akasema inatosha.

Skrinishoti sikumtumia, na nashauri usitume mpaka aombe. Simu yake hushikwa na watoto na hushikwa na mume. Kabla hajatoka nilimwuliza jambo moja: "Ukimwuliza leo, unaweza kuwa salama?" Akasema ndiyo, hajawahi kumpiga. Kama angesita, ningemwomba asimkabili usiku ule, wala asimkabili akiwa peke yake, na ningemwuliza ni mtu mzima gani wa familia anayemwamini. Kwa mwanamke wa pwani mara nyingi ni somo yake, aliyemfunda wakati wa kuolewa, kwa sababu huyo amezoea kuhifadhi siri na mume naye humheshimu.

Hapa niweke mpaka. Yote haya ni kwa mwanaume aliyetongoza kwa maneno. Kama alikushika kwa nguvu, au alikuzuia kutoka, wewe mwenyewe una shida kabla ya rafiki yako. Kwa Tanzania nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na kama umeumizwa chukua fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali. Usioge na usifue nguo ulizovaa kabla hujaonwa na daktari. Usisubiri kwanza upate lugha nzuri ya kumwambia shoga yako.

Baada ya Jumamosi ile alikaa wiki sita bila kunitafuta. Mumewe, nilikuja kujua, alisema alikuwa "ananipima" kama mimi ni rafiki mwema wa mke wake. Jiandae kwa jibu hilo. Mimi sikulijibu. Nilichokuwa nacho nilikwishamwonyesha: saa ya kila ujumbe, pesa iliyokwenda na pesa iliyorudi. Nilimtumia shoga yangu ujumbe mmoja tu katika wiki ya kwanza: "Sitakusumbua. Sijamwambia mtu na sitamwambia. Nipo." Kikobani tulikaa pande mbili za chumba, tukalipa hisa zetu, watu wakadhani tumegombania mkopo. Niliwaacha wadhani hivyo.

Ndoa yao ipo. Walipatanishwa na wazee, sikuuliza kwa masharti gani. Kwake siendi tena mume akiwa nyumbani, na sijamwomba mtu anieleze ni haki au si haki. Namba ya shemeji nimeizuia. Idd iliyopita watoto wake waliletwa kwangu na dada wa kazi, wakala, wakapewa zawadi zao, wakarudishwa kabla ya magharibi.

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, aliniandikia: "Jumapili nakuja unisuke. Upo?" Alikuja na rasta zake kwenye mfuko na kitana chake cha tangu bweni. Alikaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye magoti yangu, na kwa saa nne tulizungumza habari za mama yake, bei ya mchele na mtoto wake mdogo anayeng'oka meno. Nilipofika nywele za kisogoni akasema bila kugeuka, "Zile picha, bado unazo?" Nikasema ninazo. Akasema, "Zitunze."